Duka Likiungua: Jinsi ya Kudai Fidia ya Mauzo Yaliyokatika, na Mahali Madai Yanapokwama

Bima ya moto ya kawaida hulipa kilichoungua: mali iliyokuwa rafuni, rafu zenyewe, kaunta, na jengo kama ni lako. Haikulipi mishahara ya miezi minne ambayo duka limefungwa, wala riba ya mkopo wa benki inayoendelea kuhesabiwa, wala faida ambayo ungeipata kama moto usingetokea. Hasara hiyo ya pili ina bima yake, inayoitwa bima ya kukatizwa kwa biashara. Mawakala wengine huiita bima ya kupotea kwa faida. Madai yake ni magumu kuliko ya mali iliyoungua, kwa sababu unaomba ulipwe kitu ambacho hakikutokea, yaani mauzo yasiyofanyika. Hapa tunafuata duka moja la mfano la jumla na rejareja la vyombo vya nyumbani jijini Dar es Salaam, tangu siku ya kukata bima hadi siku ya kubishana na kampuni.

Kabla ya moto: lango la kwanza ni bima ya mali

Bima ya kukatizwa kwa biashara haisimami peke yake. Karibu kila mkataba wa aina hii una sharti kwamba siku ya moto lazima kuwe na bima ya mali inayofanya kazi juu ya vitu vyako vilivyoharibika, na kampuni iliyotoa bima hiyo iwe imelipa au imekubali kwamba inawajibika kulipa. Sababu yake inaeleweka. Mfanyabiashara asiye na fedha za kununua mali mpya atakaa amefunga muda mrefu, na kampuni ya bima haitaki kulipia muda huo.

Maana yake kwako ni kwamba madai ya mali yakikataliwa, ya mauzo yanakufa pamoja nayo, hata kama uliyalipia ada yake kikamilifu. Kwa hiyo soma mikataba yote miwili ukiiweka kandokando. Anwani iwe ileile, jina la biashara liwe lilelile kama lilivyo kwenye leseni, na shughuli iliyoandikwa iwe ndiyo unayoifanya. Duka lililoandikwa kuwa linauza vyombo vya nyumbani, kisha likakutwa na mitungi ya gesi na makopo ya rangi stoo, limeshampa mkadiria hasara, yaani mtu anayetumwa na kampuni kupima hasara yako, ukurasa wa kwanza wa ripoti yake. Kama una ghala mtaa wa nyuma, liandikwe nalo kwa anwani yake.

Ada ilipwe yote kabla bima haijaanza, na risiti iwe ya kampuni yenyewe au ya wakala au dalali aliyesajiliwa. Kwa Tanzania, msimamizi ni Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, na unaweza kuuliza huko kama aliyekuuzia ana leseni na kama bima yako imeingizwa kwenye mfumo. Kwa Kenya swali hilohilo linapelekwa kwa mamlaka ya bima ya huko, IRA.

Kiasi cha kukatia bima: hapa ndipo wengi hupoteza fedha

Fomu ya maombi itakuuliza faida ghafi ya mwaka. Neno hili kwenye bima halimaanishi kile mhasibu wako anachokiita faida ghafi, na si faida inayobaki mwisho wa mwaka baada ya kulipa kila kitu. Kwenye bima, faida ghafi ni mauzo ukiondoa zile gharama tu zinazopungua zenyewe mauzo yakipungua. Usiponunua bidhaa hulipi bei yake, na usiposafirisha hulipi nauli ya mzigo, hizo zinatoka. Kodi ya pango, mishahara, mlinzi na riba ya benki vinabaki ndani, kwa sababu vinaendelea hata duka likiwa jivu.

Duka letu la mfano lina hesabu hizi za mwaka. Liliuza kwa shilingi milioni 600. Lilianza mwaka na mali ya milioni 90, likanunua bidhaa za milioni 428, likalipa milioni 12 za kusafirisha mizigo, na likafunga mwaka na mali ya milioni 80. Hesabu inakwenda hivi:

Mauzo 600 + mali ya mwisho 80 = 680
Mali ya mwanzo 90 + manunuzi 428 + usafirishaji 12 = 530
Faida ghafi ya bima: 680 − 530 = milioni 150

Gawanya 150 kwa 600, unapata asilimia 25. Yaani kila shilingi 100 ya mauzo inabeba shilingi 25 za kulipia pango, watu, mkopo na faida ya mwenye duka. Katika milioni 150 hizo, pango ni 36, mishahara 48, gharama nyingine zisizokoma 26, na faida halisi ni 40. Mwenye duka akiandika milioni 40 kwenye fomu kwa kudhani ndiyo "faida", amekatia bima kama robo tu ya anachohitaji.

Ongeza pia ukuaji. Bima inayoanza leo inaweza kukutana na moto mwezi wa kumi na moja, kisha ikalipa kwa mwaka mzima mbele yake. Kiasi utakachopimiwa ni cha miezi hiyo ya mbele, si cha hesabu za mwaka jana. Biashara inayokua kwa asilimia 10 kwa mwaka iandikwe kwa makadirio ya mbele, hata kama ada inapanda kidogo.

Kisha kuna kipindi cha fidia, yaani idadi ya miezi ambayo kampuni itaendelea kulipa kuanzia siku ya moto. Wengi huchagua miezi 6 au 12 kwa sababu ni nafuu. Soko Kuu la Kariakoo liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, na ujenzi na ukarabati wake ulichukua miaka. Mpangaji katika jengo la mtu mwingine hana mamlaka juu ya kasi ya mwenye jengo, na hata akihama, wateja hawarudi wote siku anayofungua. Kwa duka la kupanga kwenye jengo kubwa au soko, miezi 18 au 24 ndiyo hesabu ya busara. Kumbuka tu kwamba kipindi kikizidi miezi 12, kiasi cha bima nacho lazima kizidishwe kulingana nacho.

Uliza pia kuhusu nyongeza ya kuzuiwa kuingia. Mkataba wa msingi unadai uharibifu utokee kwenye duka lako. Moto ukiwa jengo la jirani, polisi wakafunga mtaa kwa wiki tatu na duka lako halikuguswa, hutalipwa kitu bila nyongeza hiyo.

Yasiyolipwa

Vipengele vya kutolipwa huwa kurasa kadhaa, lakini kwa duka lililoungua ni vichache vinavyorudi mara kwa mara.

Cha kwanza ni hitilafu ya umeme, na hiki kinahitaji kusomwa polepole. Mikataba mingi ya moto hailipi kifaa cha umeme kilichojiunguza chenyewe kwa shoti au kwa umeme kuzidi. Friji iliyoungua mota, hiyo ni hasara yako. Lakini moto ukitoka kwenye friji hiyo ukashika mapazia na rafu, vitu hivyo vya pili vinalipwa. Kuna barua za kukataa madai zinazoandika tu "chanzo ni hitilafu ya umeme" kana kwamba duka zima limeangukia humo. Ukipata barua kama hiyo, omba wakuoneshe maneno ya kipengele chenyewe. Kama yanataja kifaa au sehemu ya mfumo wa umeme iliyojiunguza, basi hayagusi mali nyingine.

Cha pili ni ghasia, maandamano na vurugu za kisiasa. Moto uliowashwa na kundi la watu mara nyingi hauhesabiwi kuwa moto wa kawaida, na lazima uwe umenunua nyongeza yake. Vivyo hivyo wizi: kilichobebwa na watu wakati wa moto au baada yake kwa kawaida hakilipwi na bima ya moto. Ndiyo maana orodha yako itenganishe kilichoungua na kilichoibwa, badala ya kuchanganya vyote na kutiliwa shaka kwa vyote.

Kisha kuna masharti ya lazima, ambayo si vipengele vya kutolipwa lakini hutumika kwa nguvu ileile. Vizimamoto viwepo na viwe vimekaguliwa. Swichi kuu izimwe usiku. Vitabu vya mali vitunzwe kwenye sefu isiyoshika moto au nje ya duka. Hilo la vitabu ndilo linalowaangusha wengi, kwa sababu daftari la mali huwekwa kaunta, na kaunta huungua. Nakala ya kila mwisho wa wiki, hata picha za simu zilizotumwa kwenye barua pepe, inatosha kuokoa madai.

Sharti moja linashangaza watu: bima ya kukatizwa kwa biashara hukoma ukifunga biashara moja kwa moja. Inalipa biashara iliyosimama ili irudi. Haimlipi mtu aliyeamua kuacha. Mwenye duka akisema mbele ya mkadiria, kwa uchungu wa siku ile, "mimi nimeshamaliza, narudi kijijini", maneno hayo yanaweza kuandikwa. Kama unakusudia kuendelea, sema hivyo kwa maandishi mapema.

Wiki ya kwanza

Toa taarifa kwa kampuni siku hiyohiyo, kwa simu na kwa barua pepe, kisha uhifadhi nakala yenye saa. Taarifa itaje bima zote mbili kwa namba zake. Watu hutaja ya mali tu, na miezi mitatu baadaye wanaambiwa ya mauzo haikutolewa taarifa. Pata ripoti ya polisi, na omba ripoti ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Usisafishe eneo kabla mkadiria hajaona, isipokuwa kwa amri ya usalama. Ukilazimishwa, piga picha na video kila kona, kisha tenga mabaki. Mali isiyoungua iondoe mahali penye maji, kwa sababu una wajibu wa kupunguza hasara na gharama ya kuihamisha ni sehemu ya madai.

Mkadiria hasara hulipwa na kampuni, ingawa anatakiwa kupima kwa haki. Jibu maswali yake kwa ukweli na kwa ufupi. Usikisie chanzo cha moto. "Sijui, nilikuwa nyumbani" ni jibu kamili kama ndivyo ilivyo. Baada ya kila kikao mwandikie barua pepe fupi: tulikutana leo, umeomba nyaraka hizi, nimekupa hizi. Barua hizo ndizo zitakazoonesha baadaye nani alichelewesha.

Kuthibitisha mauzo

Mkadiria ataomba hesabu za miaka miwili au mitatu, taarifa za benki, miamala ya simu, ankara za wauzaji wa jumla, na ritani za kodi zilizopelekwa TRA. Kinachopewa uzito kuliko vyote ni rekodi za mashine ya EFD. Hapa ndipo penye mgogoro mkubwa na wenye maumivu: mwenye duka aliyekuwa akiuza milioni 50 kwa mwezi lakini anatoa risiti za milioni 30 atapimwa kwa 30. Kudai 50 kunamletea matatizo mawili kwa mpigo, kwa sababu kampuni itasema madai yana udanganyifu, na udanganyifu kwenye sehemu moja huweza kufuta madai yote. Hakuna mbinu ya kulitibu hili baada ya moto.

Mashine ikiungua, rekodi haziishii hapo. Taarifa za mauzo ya EFD hupelekwa TRA, kwa hiyo andika barua uombe nakala. Wauzaji wako wa jumla pia wana nakala za ankara, na benki ina taarifa zako.

Hesabu yenyewe

Turudi dukani. Moto ulitokea tarehe 1 Juni, bima ina kipindi cha fidia cha miezi 12, na kiasi kilichokatiwa ni milioni 132. Mwenye duka alipata chumba cha muda mwezi Julai, duka la asili likafunguliwa Oktoba, na mauzo yakarudi kawaida mwisho wa Desemba. Kipindi cha kuhesabu ni miezi 7.

Miezi hiyohiyo mwaka uliotangulia ilikuwa na mauzo ya milioni 380. Biashara ilikuwa inakua kwa asilimia 10, na miezi mitano kabla ya moto inathibitisha hivyo, basi mauzo yaliyotarajiwa ni milioni 418. Yaliyofanyika kweli, kwenye chumba cha muda na baada ya kufungua, ni milioni 98. Pengo ni milioni 320, na asilimia 25 yake ni milioni 80.

Gharama za ziada za kupunguza hasara, yaani pango la chumba cha muda, rafu za haraka na matangazo ya kuwaambia wateja tumehamia wapi, zilikuwa milioni 9. Zinakubalika kwa sharti kwamba hazizidi faida ghafi zilizookoa. Tukichukulia kwamba mauzo yote ya milioni 98 yaliokolewa na gharama hizo, asilimia 25 yake ni milioni 24.5, hivyo 9 zinapita. Zingekuwa 30, ziada ya 5.5 ingebaki kwako.

Kisha kampuni inatoa ulichookoa. Mwenye jengo alisamehe pango la miezi minne, milioni 12, na umeme ukapungua kwa milioni 1.

80 + 9 − 13 = milioni 76

Lakini kuna pigo la mwisho. Mauzo ya mwaka yaliyorekebishwa kwa ukuaji ni milioni 660, na asilimia 25 yake ni milioni 165. Hicho ndicho kiasi kilichopaswa kukatiwa bima. Kilichokatiwa ni 132, sawa na asilimia 80, na kampuni inalipa asilimia 80 ya hasara: milioni 60.8. Milioni 15.2 zinabaki kwa mwenye duka, ingawa hasara yake ya milioni 76 iko chini kabisa ya kiwango cha bima. Mteja huiona kama dhuluma, lakini sharti limo kwenye mkataba. Unachoweza kupinga ni ile 165: kama kampuni imetumia asilimia 10 ya ukuaji kukupunguzia, ni lazima itumie asilimia 10 hiyohiyo kukuongezea kwenye mauzo yaliyotarajiwa. Ukikuta ripoti imeweka ukuaji upande mmoja tu, umepata kosa la kweli la kuandikia barua.

Mahali pa kubishana, na namna

Mbali na ukuaji, bishano kubwa ni muda. Kampuni itasema duka lingefunguliwa miezi mitatu baada ya moto, na ucheleweshaji uliobaki ni wa kukosa mtaji. Wewe utasema mtaji ulikosekana kwa sababu fidia ya mali ilichelewa. Dhidi ya hoja hii kuna kinga moja, nayo huwekwa mapema: kuanzia mwezi wa kwanza, omba kwa maandishi malipo ya awali kwenye bima zote mbili, ukieleza kwamba bila fedha hizo huwezi kuagiza mali. Hata wakikataa, barua inabaki faili.

Ukiletewa hati ya kukubali malipo, isome yote kabla ya kusaini. Kwa kawaida inasema umepokea fidia kamili na huna dai lingine, na ukiisaini kwa bima ya mali pekee, hakikisha inataja bima hiyo kwa namba yake na inaacha nje ile ya mauzo. Malipo ya awali yaandikwe kuwa ni sehemu ya fidia.

Madai yakikataliwa, omba barua inayotaja kipengele kwa namba, pamoja na nakala ya ripoti ya mkadiria. Jibu kipengele hicho tu, kwa ushahidi, kwa meneja wa madai. Ikishindikana, Tanzania ina Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye kazi yake ni migogoro kama hii, na TIRA hupokea malalamiko dhidi ya kampuni. Kwa hesabu kubwa, mhasibu wako mwenyewe anayeijua bima ni wa thamani kuliko wakili katika hatua hii, kwa sababu ugomvi ni wa namba. Angalia pia kipengele cha usuluhishi: mara nyingi ugomvi wa kiasi hupelekwa kwa msuluhishi wa mkataba, tofauti na yule tuliyemtaja juu, kabla ya mahakama.

Wakati unaandikiana barua, saa ya mkataba inatembea. Maelezo kamili ya madai ya mauzo hutakiwa, kwa mikataba mingi, ndani ya siku 30 baada ya kipindi cha fidia kwisha. Mikataba mingi ya moto pia inasema kampuni haitawajibika baada ya miezi 12 tangu hasara, isipokuwa shauri liwe limeshafunguliwa mahakamani au kwa msuluhishi wa mkataba. Mazungumzo ya upole na ahadi za simu hayasimamishi siku hizo. Andika tarehe zote mbili ukutani siku ya kwanza, na mwezi wa tisa ukifika bila majibu, kamuone wakili akiwa bado na miezi mitatu ya kufungua shauri.